Taa ya Presha ya Tairi: Kupima, Kukisia na Kuseti Upya Baada ya Kubadilisha Gurudumu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika magari ya kisasa, wingu mojawapo hujitokeza kwenye dashibodi: taa ndogo ya rangi ya manjano, iliyochorwa mfano wa chungu kisicho na kifuniko, chenye alama ya hisi ndani yake. Taa hiyo inapowaka, gari humwarifu dereva kwamba tairi moja au zaidi limepungukiwa na hewa. Aghalabu huwaka muda mfupi baada ya gurudumu kubadilishwa njiani, na hapo ndipo utata huanzia. Dereva hushauriwa abonyeze kitufe fulani chini ya usukani. Akikibonyeza, taa huzimika. Taa ikizimika, safari huendelea kwa imani kwamba tatizo limekwisha.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba imani hiyo yaweza kuwa na hatari kubwa. Kitufe hicho hakitii hewa kwenye tairi. Kazi yake ni kuliambia gari kwamba hali iliyopo sasa ndiyo hali sahihi, na gari huamini. Ili kulibainisha suala hili, makala yataeleza kwanza tofauti ya msingi kati ya mfumo unaopima presha na mfumo unaoikisia, kisha yatafuatilia safari ya gari moja lililopata pancha, na hatimaye yataeleza hatua za kuseti mfumo kwa njia iliyo sawa.

Chimbuko la Taa

Taa hii ilienea kwa nguvu ya sheria. Mnamo mwaka wa 2000, baada ya ajali nyingi zilizohusishwa na matairi kubanduka ngozi ya juu magari yakiwa katika mwendo wa kasi, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotaka magari mapya yawekwe chombo cha kumwonya dereva tairi linapopungukiwa na hewa. Kanuni ya kwanza ya kutekeleza sheria hiyo ilitolewa mwaka wa 2002, nayo iliruhusu mifumo iliyoweza kutambua upungufu katika tairi moja tu. Mwaka wa 2003 mahakama ya rufani iliitupilia mbali kanuni hiyo. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: matairi mawili au yote manne yanaweza kupungua pamoja, na mfumo usioweza kuligundua jambo hilo humwacha dereva gizani.

Kanuni mpya ilitolewa mwaka wa 2005, na kufikia Septemba 2007 magari madogo yote mapya nchini Marekani yalilazimika kuwa na mfumo wa kuonya pale tairi lolote, au yote, linapopungua kwa asilimia 25 chini ya presha iliyopendekezwa na mtengenezaji. Umoja wa Ulaya nao ulifuata, ukaweka sharti kama hilo kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Ndiyo sababu taa hii imefika pia katika barabara za Afrika Mashariki, ndani ya magari yaliyoundwa kwa ajili ya masoko mengine. Mengi yameagizwa yakiwa yamekwisha kutumika, na kijitabu cha maelezo ama kimepotea ama kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenye gari.

Mfumo wa Kupima

Katika mfumo wa kwanza, ambao wataalamu huuita mfumo wa moja kwa moja, kila gurudumu hubeba kihisi chake. Kihisi hicho hufungwa ndani ya rimu, kwa kawaida kwenye shina la vali ambapo hewa hutiwa. Hupima presha ya hewa iliyomo ndani ya tairi na kuituma kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Magari mengi yenye mfumo huu yanaweza kumwonyesha dereva tarakimu ya kila tairi, mathalani 33 upande mmoja na 31 upande mwingine, katika kipimo kile kile kiandikwacho psi kwenye geji ya kituo cha mafuta.

Nguvu ya mfumo huu ni kwamba unasema ukweli kuhusu kila tairi peke yake. Matairi manne yakipungua kwa pamoja, yote manne yataripotiwa. Hata hivyo, una masharti yake. Kila kihisi kina namba ya utambulisho ambayo haifanani na ya kingine, na gari husikiliza zile namba ilizozisajili tu. Hali hii yaweza kulinganishwa na mwalimu anayeita majina darasani: mwanafunzi mgeni ambaye hayumo kwenye orodha hata akiitika hahesabiwi, na yule aliyemo kwenye orodha asipoitika huandikwa kuwa hayupo. Isitoshe, kihisi huendeshwa na betri ndogo iliyofungiwa ndani yake isiyoweza kubadilishwa. Betri hiyo hudumu kwa takriban miaka saba hadi kumi, na ikiisha, kihisi chote hununuliwa upya.

Mfumo wa Kukisia

Mfumo wa pili huitwa mfumo usio wa moja kwa moja. Katika makala haya utaitwa mfumo wa kukisia, kwa kuwa jina hilo linaeleza bayana unachokifanya. Mfumo huu hauna kihisi chochote ndani ya tairi wala haujui presha. Unachokijua ni kasi ya kuzunguka kwa kila gurudumu, nayo huipata kutoka kwa vihisi vya breki vya mfumo wa ABS, ambavyo tayari vimo katika gari kwa kazi nyingine ya kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa kufunga breki kwa ghafla.

Mantiki yake ni ya hesabu sahili. Tairi likipungua hewa, hubonyea. Likibonyea, umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi barabarani hupungua. Na gurudumu dogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili kuenda sambamba na wenzake. Tofauti yenyewe, hata hivyo, ni ndogo mno. Tairi la ukubwa wa kawaida wa gari la saluni, lililoandikwa 205/55R16, lina kipenyo cha milimita 632 hivi. Katika kilomita moja huzunguka zaidi kidogo ya mara 500. Nusu kipenyo chake kikipungua kwa milimita moja, litaongeza takriban mzunguko mmoja na nusu tu katika kilomita hiyo nzima. Ishara inayotafutwa ni ndogo kiasi hicho, na ndiyo maana mfumo huhitaji muda wa mwendo kabla ya kutoa uamuzi.

Kutokana na udogo huo, mfumo hauwezi kufanya kazi bila kumbukumbu. Hakuna matairi manne yaliyo sawa kabisa. Moja limelika zaidi, jingine ni jipya, na la tatu ni la kampuni tofauti. Tairi jipya lenye kina cha milimita nane cha mifereji likiwekwa kando ya lililobakiwa na milimita tatu, tofauti ya uchakavu pekee yaweza kuzidi tofauti inayoletwa na upungufu wa hewa. Kwa hiyo, gari lazima lijifunze kwanza jinsi matairi haya mahususi yanavyozunguka yakiwa na hewa ya kutosha. Mazoea hayo huhifadhiwa kama kipimo rejelezi, na kila linalotokea baadaye hulinganishwa nayo. Mifumo mipya zaidi husikiliza pia mitetemo ya tairi, kwa kuwa tairi legevu hutetema tofauti na lililojaa, na kwa njia hiyo huweza kugundua hata matairi manne yaliyopungua pamoja. Lakini mitetemo nayo hulinganishwa na kile kilichokaririwa.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Mfumo wa kupima huuliza, "Tairi hili lina hewa kiasi gani?" Mfumo wa kukisia huuliza, "Je, tairi hili limebadilika tangu siku ile nilipoambiwa kuwa mambo ni sawa?" Swali la pili haliwezi kupata jibu jema ikiwa siku ile yenyewe mambo hayakuwa sawa.

Safari Kutoka Mtito Andei

Mfano ufuatao unaweza kulidhihirisha jambo hili. Gari la saluni lenye mfumo wa kukisia linatoka Nairobi kwenda Mombasa likiwa na watu watano na mizigo. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaelekeza kwamba kila tairi liwe na psi 33. Karibu na Mtito Andei, tairi la nyuma la kushoto linapata pancha. Dereva anatoa jeki na spana, anafunga tairi la akiba lenye ukubwa sawa na mengine, na kuendelea na safari. Asichokijua ni kwamba tairi hilo limekaa kwenye buti kwa miaka miwili bila kuguswa, na hewa imevuja polepole hadi ikabaki psi 22.

Baada ya mwendo kidogo, taa ya manjano inawaka. Mfumo umefanya kazi yake barabara: umegundua gurudumu linalozunguka kuliko linavyotarajiwa. Dereva anasimama kwenye kituo cha mafuta, na kijana mmoja mwenye nia njema anamwambia kwamba taa hiyo huwaka kila mara gurudumu linapobadilishwa, kwamba haina neno, na kwamba kuna kitufe kilichoandikwa SET. Kitufe kinabonyezwa na taa inazimika. Hakuna aliyetafuta geji.

Kutoka hapo gari linaanza kujifunza upya. Katika baadhi ya magari, kama yale ya Honda yenye mfumo huu, masomo hayo huchukua takriban dakika 30 za mwendo kwa jumla, kwa kasi ya kati ya kilomita 48 na 105 kwa saa. Kabla ya kufika Voi, gari limekwisha kukariri kwamba tairi lenye psi 22 ndilo tairi la kawaida.

Hesabu ya matokeo ni hii. Kabla ya kitufe kubonyezwa, onyo la asilimia 25 lingetolewa tairi lilipofikia psi 25 hivi, yaani robo tatu ya 33. Baada ya kitufe kubonyezwa, robo tatu inahesabiwa kutoka 22, na onyo litasubiri hadi tairi lifikie psi 16 na nusu. Gari lililokuwa likipiga kelele kwa haki sasa limenyamazishwa, na litakaa kimya huku tairi lililopungukiwa na theluthi moja ya hewa yake likibeba mzigo kamili kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa. Kuta za tairi kama hilo hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, zaidi ya mara 800 kwa dakika katika kasi hiyo. Kujikunja huko huzaa joto ndani ya mpira, joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma, na tairi laweza kubanduka au kupasuka bila kutoa dalili nyingine. Chanzo cha hatari hii si kuharibika kwa mfumo. Mfumo ni mzima, umefundishwa uongo.

Kama gari lile lingekuwa na mfumo wa kupima, mambo yangechukua sura nyingine. Endapo tairi la akiba lingekuwa na kihisi kilichosajiliwa, tarakimu 22 ingeonekana na kumfichua mkosaji. Endapo halingekuwa na kihisi, jambo ambalo ni la kawaida, gari lingetambua kuwa mmoja wa wanafunzi wake haitiki. Katika magari yaliyoundwa kwa kanuni za Marekani, hali hiyo hutangazwa kwa namna ya pekee: taa humetameta kwa muda wa dakika moja hadi dakika moja na nusu gari linapowashwa, kisha hubaki ikiwaka. Taa inayowaka moja kwa moja bila kumetameta humaanisha upungufu wa hewa. Inayometameta kwanza humaanisha kwamba mfumo wenyewe una kasoro au umekosa mawasiliano. Yafaa dereva aitazame taa kwa makini dakika hiyo ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo hali hizo mbili hufanana.

Kuna kitendawili kingine katika mfumo huu. Gurudumu lililopata pancha, ambalo sasa limelazwa kwenye buti, bado lina kihisi kinachoweza kusikika. Litaendelea kuripoti kwamba halina hewa, na taa itaendelea kuwaka hata kama magurudumu manne yaliyo barabarani yamejazwa ipasavyo. Dereva asiyelijua hilo huanza kuongeza hewa katika matairi yasiyo na hatia.

Namna ya Kuseti kwa Usahihi

Utaratibu ulio sawa huanza na geji. Presha inayofaa ni ile ya kwenye kibandiko cha mlango, wala si tarakimu kubwa iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ambayo huonyesha kikomo cha juu cha tairi lenyewe na si mahitaji ya gari husika. Aidha, presha ya kibandiko ni ya tairi baridi, yaani gari liwe limeegeshwa kwa saa tatu au zaidi, au liwe limeendeshwa kwa kilomita moja au mbili tu. Kila joto la tairi linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, presha huongezeka kwa psi moja na nusu hivi.

Kanuni hiyo ya joto ina maana maalumu kwa msafiri wa Mtito Andei. Matairi matatu yaliyotoka Nairobi ni ya moto, na huenda geji ikasoma 37. Tairi la akiba lililotoka kwenye buti halijapata joto la barabara. Linalofaa ni kulijaza tairi la akiba hadi psi 33 na kuyaacha yale matatu kama yalivyo. Akiyapunguza hadi 33 yakiwa ya moto, kesho yake yakipoa yatakuwa na 29. Vilevile yafaa kitufe kisiguswe hapo njiani. Taa iliyobaki ikiwaka huku matairi yote yamethibitishwa kwa geji haimdhuru mtu yeyote. Iliyozimwa bila uthibitisho ndiyo yenye madhara.

Asubuhi inayofuata, magurudumu yote yakiwa yamepoa, dereva anapima matairi manne na kuyasawazisha kulingana na kibandiko. Hapo ndipo anapowasha gari bila kuliondoa na kubonyeza kitufe cha kuseti, au kufuata menyu ya kwenye skrini ikiwa gari halina kitufe. Katika baadhi ya magari hushikiliwa mpaka taa ipepese mara mbili, na katika mengine mara tatu. Kupepesa huko hakumaanishi kwamba gari limekwisha kujifunza, bali kwamba limekubali kuanza. Ni sharti liendeshwe kwa muda uliotajwa katika maelezo ya gari, katika mwendo wa kawaida, ndipo ulinzi wake urejee. Tairi la pancha likizibwa na kurudishwa mahali pake, utaratibu wote hurudiwa, kwa sababu kumbukumbu iliyopo ni ya tairi la akiba. Matairi yakibadilishana nafasi, ya mbele yakipelekwa nyuma, hali ni ile ile.

Tahadhari moja yahusu tairi la akiba dogo, lile jembamba ambalo ubavuni huandikwa kasi isiyozidi kilomita 80 kwa saa. Hilo lina kipenyo na tabia tofauti na mengine, na kwa kawaida hujazwa psi 60. Mfumo wa kukisia hausetiwi tairi hilo likiwa limefungwa. Husubiri hadi gurudumu la kawaida lirejeshwe.

Kwa mfumo wa kupima, kazi ni mbili na hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni kusajili namba za vihisi pale kihisi kipya au gurudumu jipya linapowekwa. Baadhi ya magari hujisajilia yenyewe baada ya mwendo wa dakika kadhaa. Mengine humhitaji fundi mwenye kifaa cha kukiamsha kihisi na kuandika namba yake kwenye kompyuta ya gari. Ya pili ni kuweka kiwango cha presha. Baadhi ya magari ya Toyota, kwa mfano, yana vihisi ndani ya matairi na bado yana kitufe cha SET, ambacho hulifanya gari lichukue presha ya wakati huo kuwa msingi wa kutolea onyo. Kitufe hicho hakisajili kihisi kipya hata kikibonyezwa mara mia. Tena, kikibonyezwa tairi likiwa na hewa haba, hata mfumo huu unaopima waweza kukubali kiwango cha chini kuwa ndicho kinachofaa. Ikiwa skrini inaonyesha tarakimu, angalau dereva ana namna ya kuligundua kosa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mifumo miwili yenye taa ya aina moja hutofautiana katika jambo la msingi: mmoja hupima hewa, na mwingine hulinganisha mwendo wa leo na mwendo uliokaririwa. Neno "kuseti", kama litumikavyo vituoni na gereji, limezificha kazi tatu zilizo mbalimbali, yaani kujaza hewa, kusajili kihisi na kukaririsha kipimo rejelezi. Anayezitenganisha kazi hizo atajua la kufanya hata akipewa gari ambalo hajawahi kuliendesha: atashika geji kwanza, kitufe baadaye. Kuyafuta mawingu kwenye picha hakuizuii mvua kunyesha.